Kuandaa runinga kabla ya kuiuza au kuitoa zawadi: kutoka kwenye akaunti na kuirudisha katika hali ya kiwandani

Runinga iliyounganishwa na intaneti huhifadhi akaunti za watu wanaoitumia katika mahali pawili. Pa kwanza ni kumbukumbu iliyo kwenye bodi kuu ya runinga yenyewe, ambamo mna ufunguo unaoiruhusu kufungua YouTube au Netflix bila kuuliza neno la siri kila inapowashwa. Pa pili ni kwenye seva za kampuni zinazotoa huduma hizo, ambako runinga hiyo imeandikwa katika orodha ya vifaa vyako. Kuirudisha runinga katika hali ya kiwandani hufuta kilichomo kwenye bodi, lakini hakugusi orodha iliyo kwenye seva. Ufunguo ukishafutwa vizuri, orodha hiyo peke yake haimpi mnunuzi kitu chochote; ila zoezi likikwama katikati, au likifanywa nusunusu bila mwenyewe kujua, ni upande wa seva ndio utakaokukinga. Kwa hiyo kazi hii hufanywa pande zote mbili, tena kwa mpangilio: kwanza unatoka kwenye akaunti, kisha unafuta runinga, halafu unahakikisha kwa simu.

Mwongozo huu unafuata runinga yenye mfumo wa Google TV, ambao hutumiwa na watengenezaji wengi, wakiwamo Sony na TCL. Mwishoni nitaeleza kwa ufupi yanayotofautiana kwenye Samsung na LG, na namna ya kushughulikia runinga iliyoharibika kioo. Majina ya vitufe nimeyaandika kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye kioo, kwa kuwa wengi hatubadilishi lugha ya runinga.

Tuchukue mfano wa familia ya Sinza, Dar es Salaam, inayotaka kumuuzia jirani runinga ya inchi 43. Akaunti kuu ya Google ni ya baba. Binti yake mkubwa aliongeza akaunti yake ndani ya YouTube. Netflix ni ya nyumba nzima na hulipiwa kwa kadi ya mama. Shemeji aliyewahi kukaa nao aliingiza akaunti yake ya Prime Video, akaondoka na kuisahau. Hali kama hii ndiyo ya kawaida, na ndiyo sababu sishauri mtu akae peke yake na rimoti akidhani anazijua akaunti zote zilizomo.

Lini ufanye

Wauzaji wengi hufuta runinga siku moja kabla mnunuzi hajafika. Nionavyo, hilo ni kosa. Mnunuzi akija hutaka kuona YouTube ikicheza, muuzaji huingiza tena akaunti yake ili amridhishe, fedha hupokewa, gari huwa linasubiri nje, na runinga huondoka ikiwa na akaunti ileile iliyofutwa jana. Ni afadhali mnunuzi aione runinga ikifanya kazi kama ilivyo, mpatane bei, akulipe, kisha uifute mbele yake. Yeye naye hunufaika, kwa sababu anashuhudia kwamba runinga inakubali kufutwa na haidai namba ya siri asiyoijua.

Hata hivyo, kazi ya kutoka kwenye akaunti moja moja unaweza kuianza mapema, kwa kuwa ndiyo inayochukua muda na inahitaji wenye akaunti wawepo au wapatikane kwa simu.

Kabla ya kugusa chochote, andika au piga picha namba ya modeli na namba ya utambulisho iliyo kwenye kibandiko cha nyuma ya runinga. Fungua pia "Settings", uingie "System", kisha "About", usome jina ambalo runinga imepewa. Jina hilo litakusaidia baadaye kuitambua katika orodha ya vifaa, hasa kama nyumba ina vifaa kadhaa vya Google.

Kutoka kwenye programu moja moja

Anza na programu za kutazamia, usianze na akaunti ya Google. Ukiondoa akaunti ya Google kwanza, baadhi ya programu zinaweza kukataa kufunguka au kukutaka uingie upya, na hapo utakuwa umejifungia njia ya kutoka kwa utaratibu.

Kwenye Netflix, fungua menyu, nenda kwenye "Get Help", kisha uchague "Sign out" na kuthibitisha. Ikiwa programu imekwama kwenye ukurasa wa hitilafu na menyu haionekani, kuna mbinu inayofanya kazi kwenye runinga nyingi: ukiwa ndani ya Netflix, bonyeza mishale ya rimoti kwa mfuatano huu, juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha juu mara nne. Utaletewa ukurasa wenye chaguo la "Sign out" au "Deactivate". Kumbuka kwamba kutoka kwenye akaunti si kusitisha malipo. Kadi ya mama itaendelea kukatwa kila mwezi hata kama hakuna runinga nyumbani, mpaka usajili wenyewe usitishwe kwenye tovuti ya Netflix.

Kwenye YouTube, bonyeza picha ya akaunti iliyo pembeni ili uone orodha ya akaunti zote zilizowekwa. Hapa ndipo akaunti ya binti itakapoonekana, kwa sababu YouTube ya runinga huruhusu akaunti zaidi ya moja, na nyingine zinaweza kuwa hazimo kabisa kwenye mipangilio mikuu ya runinga. Iondoe kila moja. Usiridhike kwa kuona kwamba akaunti inayotumika sasa imetoka, kwani zile nyingine hubaki kwenye orodha zikisubiri kubonyezwa.

Kwenye Prime Video, nenda kwenye alama ya mipangilio, utafute "Sign out". Katika mfano wetu, shemeji hahitaji kuwapo, kwani kutoka kwenye akaunti hakuhitaji neno lake la siri. Ni vyema hata hivyo apigiwe simu, ili naye aiondoe runinga hiyo katika orodha ya vifaa vyake. Programu nyingine za filamu, muziki na mpira zina utaratibu unaofanana: tafuta picha ya wasifu au alama ya gurudumu la meno, na chaguo la kutoka huwa mwishoni mwa orodha.

Zikishaisha programu, rudi kwenye "Settings", ufungue "Accounts & sign-in", uchague akaunti ya Google kisha "Remove". Watu wengi husita hapa wakidhani barua pepe yao yenyewe itafutwa. Haifutwi. Kinachoondolewa ni uhusiano wa akaunti na runinga hii tu, na barua, picha na majina ya simu vyote hubaki mahali pake. Kama kuna wasifu wa mtoto, runinga inaweza kudai namba ya siri ya mzazi kabla ya kuuondoa.

Vitu vinavyochomekwa nyuma

Angalia nyuma na pembeni mwa runinga kabla ya kuendelea. Kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye tundu la HDMI, kama vile Chromecast au Fire TV Stick, kina akaunti zake na kumbukumbu yake, na kuifuta runinga hakukigusi hata kidogo. Ama kichomoe ubaki nacho, ama kifutwe chenyewe kwa menyu yake. King'amuzi nacho ni kifaa kinachojitegemea, na kadi yake imesajiliwa kwa jina lako. Kama unakitoa pamoja na runinga, suala la usajili limalizwe na kampuni ya king'amuzi.

Flashi inahitaji uangalifu wa pekee. Baadhi ya runinga za mfumo huu huruhusu flashi igeuzwe kuwa sehemu ya kumbukumbu ya runinga, na ikigeuzwa hivyo husimbwa kwa ufunguo uliomo ndani ya runinga yenyewe. Ukiifuta runinga, ufunguo huo hupotea na flashi haisomeki tena mahali popote, mpaka iumbizwe upya na kila kilichokuwamo kipotee. Vipindi vilivyorekodiwa moja kwa moja na runinga nyingi navyo huwa vimefungwa kwa runinga hiyohiyo. Kama kuna kitu unachokihitaji, kitazame au kihamishe sasa.

Kuifuta runinga

Hakikisha rimoti ina betri zenye nguvu na kwamba umeme ni wa kuaminika kwa muda huo. Kama mtaani kwenu umeme umekuwa ukikatika na kurudi tangu asubuhi, subiri. Runinga ikizimika ghafla wakati inajifuta, inaweza kuacha mfumo ukiwa umeandikwa nusu, na ikiwashwa tena ikaishia kuonyesha nembo ya mtengenezaji bila kuendelea mbele. Kwa sababu hiyohiyo, kama runinga inapakua au kusakinisha toleo jipya la mfumo, acha ikamilishe kwanza.

Kwenye runinga nyingi za Google TV njia ni hii:

```
Settings > System > About > Reset > Factory reset > Erase everything
```

Kwenye Sony chaguo hilo husomeka "Factory data reset", na kwenye runinga za Android TV za miaka ya nyuma kidogo utaanzia "Device Preferences" badala ya "System". Usichanganye chaguo hili na mengine yanayofanana nalo kwa jina. "Restart" huizima na kuiwasha runinga tu. Chaguo la "Reset" lililo ndani ya mipangilio ya picha au ya sauti hurudisha rangi na mwanga vilivyokuwa mwanzo, na halifuti akaunti hata moja. Alama ya uhakika ni onyo linalosema kwamba data yote itafutwa. Kama hukuliona onyo hilo, bado hujafika.

Runinga ikikuuliza namba ya siri, ni ile iliyowekwa na mtu wa nyumbani, kwa kawaida ili kuwazuia watoto. Jaribu kwanza 0000 na 1234, kwa kuwa ndizo namba ambazo watengenezaji wengi huanza nazo. Ikiwa imesahaulika kabisa, runinga nyingi zina njia ya kufutwa kwa kitufe kilicho kwenye mwili wake huku waya wa umeme ukichomekwa, lakini mpangilio wa vitufe hutofautiana kati ya modeli na modeli, kwa hiyo tafuta kitabu cha maelekezo kwa ile namba ya modeli uliyoiandika. Na kama rimoti ndiyo iliyopotea, chomeka kipanya cha kompyuta kwenye tundu la USB. Runinga za mfumo huu hukitambua, na mshale wake utakufikisha kwenye menyu zote zilizotajwa hapa.

Ukishathibitisha, kioo kitakuwa cheusi, nembo itatokea, na runinga inaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Zoezi huchukua dakika kadhaa. Usibonyeze kitu na usichomoe waya.

Kazi imekamilika pale runinga inapoonyesha ukurasa wa kuchagua lugha, au ule unaokutaka uunganishe rimoti kwa kushika vitufe viwili kwa pamoja. Vitufe hivyo huonyeshwa kwenye picha iliyo kiooni. Wengine hushtuka wakidhani rimoti imeharibika, kumbe runinga imesahau muunganisho wa blututhi kama ilivyosahau mengine yote, na rimoti inahitaji kutambulishwa upya. Kwa upande mwingine, runinga ikiwaka na kukupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwanzo wenye programu zako, ujue haikufutwa. Rudia hatua kuanzia mwanzo wa sehemu hii.

Mnunuzi akitaka kujaribu tena

Baada ya kufutwa, mnunuzi makini atataka kuthibitisha kwamba picha, sauti na matundu bado yako sawa. Google TV ina chaguo linalofaa kabisa kwa jambo hili. Wakati wa kuiandaa upya, runinga huuliza kama unataka kuweka Google TV kamili au "Set up basic TV". Chagua hilo la pili. Runinga itafanya kazi kama runinga ya kawaida, bila akaunti na bila intaneti, na mtaweza kuchomeka king'amuzi kwenye HDMI au kutafuta chaneli za antena. Orodha ya chaneli nayo imefutika, hivyo kutokuonekana kwa chaneli kabla ya kuzitafuta upya si hitilafu. Mnunuzi akifika kwake ataweka Google TV kamili kwa akaunti yake.

Akisisitiza kuona intaneti ikifanya kazi, na atumie intaneti ya simu yake na akaunti yake mwenyewe. Ukiingiza yako hata kwa dakika mbili, kazi yote itabidi ianze upya.

Katika maandalizi hayo runinga inaweza pia kuuliza kama iko nyumbani au dukani. Chagua nyumbani. Hali ya duka huongeza mwanga kupita kiasi, huonyesha matangazo ya sifa za runinga, na hurudisha mipangilio yake kila baada ya muda mfupi, kiasi kwamba mnunuzi atakupigia kesho yake akilalamika kuwa runinga inajibadilisha yenyewe.

Zawadi ina kishawishi chake. Mtu anayempelekea mama yake runinga kijijini huona ni wema kuacha akaunti yake ndani, ili mama asihangaike. Lakini akaunti ya Google kwenye runinga huja na mambo mengi kuliko YouTube. Huja na historia ya ulivyotazama na kutafuta, uwezo wa kununua kwenye duka la programu ikiwa kadi imeunganishwa, na kama uliwahi kuchagua picha zako za Google zionekane kioo kikitulia, wageni wa mama watazitazama sebuleni. Mfungulie mama akaunti yake, kwa namba yake ya simu, umwachie neno la siri limeandikwa mahali anapopajua.

Kufunga upande wa seva

Sasa chukua simu. Baba wa mfano wetu atafungua myaccount.google.com, aingie "Security", atafute "Your devices", kisha "Manage all devices". Ailinganishe orodha na lile jina la runinga aliloliandika. Kama runinga bado inaonekana kuwa imeunganishwa, aibonyeze na kuchagua "Sign out". Ikionekana katika kundi la vifaa vilivyokwisha kutoka, hakuna la kufanya. Google huendelea kuvionyesha vifaa hivyo kwa wiki kadhaa, na kuonekana kwake hapo hakumaanishi kwamba kuna mtu ndani. Binti naye afanye vivyo hivyo kwenye akaunti yake, kwa sababu baba hawezi kuiona orodha ya binti.

Kama runinga ilikuwa imewekwa kwenye programu ya Google Home, iondolewe humo pia. Kwa Netflix, fungua akaunti kwenye tovuti, uende kwenye sehemu ya vifaa na usalama, uondoe runinga hiyo peke yake, au uchague kutoka kwenye vifaa vyote kama huna uhakika ni ipi. Shemeji afute runinga kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yake ya Amazon.

Neno la siri la waifai hufutika pamoja na mengine, kwa hiyo hakuna haja ya kulibadilisha ikiwa runinga ilifutwa mbele ya macho yako.

Samsung na LG

Mantiki ni ileile na maelezo yaliyotangulia yanatosha, isipokuwa njia ya menyu. Kwenye Samsung za miaka ya karibuni fungua "Settings", kisha "All Settings", "General & Privacy" na "Reset"; kwenye zilizotangulia, "Reset" iko chini ya "General". Itauliza namba ya siri, ambayo ni 0000 kama hukuibadilisha. Kabla ya hapo toka kwenye akaunti ya Samsung, na baadaye uiondoe runinga kwenye programu ya SmartThings ya simu yako. Kwenye LG tafuta "Reset to Initial Settings", ambayo huwa ndani ya "General", na kwenye matoleo mapya huwa hatua moja zaidi, ndani ya "System".

Runinga iliyochukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo ina jambo jingine. Ikiwa muuzaji ameiwekea kifungo cha malipo, usitegemee kwamba kuifuta kutakiondoa. Malizana naye kwanza, ama sivyo mnunuzi atajikuta na kioo kinachodai deni lako.

Runinga iliyoharibika

Mafundi hununua runinga zilizokufa kwa ajili ya spea, na kwa kawaida kioo kilichopasuka hakina thamani, ila bodi kuu inayo. Bodi hiyo ndiyo iliyobeba akaunti zako, na inaweza kuwekwa kwenye runinga nyingine ya modeli hiyohiyo na kuwaka ikiwa na jina lako. Runinga mbovu, kwa hiyo, inahitaji kufutwa kama nzima.

Ikiwa sauti inasikika lakini kioo ni cheusi, mara nyingi zilizokufa ni taa za nyuma ya kioo, huku picha yenyewe bado ikichorwa gizani. Zima taa za chumba, sogeza tochi kali karibu sana na kioo kwa pembe ya mshazari, na utaziona menyu kwa ufifi. Fuata njia ileile ya kufuta, polepole, ukiisogeza tochi mahali palipo na maandishi. Inachosha macho, lakini inawezekana.

Isipowezekana, au runinga ikiwa haiwaki kabisa, tegemea upande wa seva pekee. Toka kwenye runinga hiyo kupitia orodha ya vifaa vya Google, toka kwenye vifaa vyote vya Netflix na vya huduma nyingine, kisha ubadilishe maneno ya siri ya akaunti hizo. Katika hali hii neno la siri la waifai nalo libadilishwe, kwa kuwa limebaki limeandikwa kwenye bodi unayoikabidhi, na mnunuzi wa bodi anaweza kuwa fundi wa mtaa huohuo.